Jedwali la kutahini: Alama 40 za sarufi zinavyogawanywa kabla ya swali la kwanza kuandikwa

MWANAFUNZI anaweza kupata alama 27 kati ya 40 katika mtihani wa sarufi ya Kiswahili ilhali hawezi kuchanganua sentensi wala kurekebisha kosa la upatanisho. Hajaiba mtihani. Ametahiniwa tu kwa karatasi iliyouliza zaidi yale ya kukumbukwa, na yeye ni hodari wa kukariri. Mzazi ataiona asilimia 67.5 kwenye ripoti na kufurahi, mwalimu ataingia katika mada mpya, na pengo litakuja kujulikana katika Kidato cha Nne wakati muda wa kuliziba umekwisha.

Kasoro ya aina hii haionekani kwa kusoma karatasi ya mtihani kutoka juu hadi chini. Kila swali, likitazamwa peke yake, ni zuri. Inaonekana tu pale maswali yanapopangwa katika jedwali lenye mada upande mmoja, viwango vya kufikiri upande wa pili na alama katika visanduku vya kati. Hilo ndilo jedwali la kutahini. Walimu walio wengi walilisoma vyuoni, wakalifanyia mtihani, kisha wakaliacha huko huko.

Wazo lenyewe si geni. Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Ralph Tyler, katika kitabu chake cha mwaka wa 1949 kuhusu misingi ya mtaala, alionyesha kwamba lengo la somo lina pande mbili: yaliyomo, na kile ambacho mwanafunzi anatakiwa aweze kukifanya kwa yaliyomo hayo. Mwaka wa 1956, Benjamin Bloom na wenzake wakaupanga upande wa pili katika ngazi sita, kuanzia maarifa hadi tathmini. Ngazi hizo zilirekebishwa mwaka wa 2001 na kundi lililoongozwa na Lorin Anderson na David Krathwohl, zikawa kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kuunda.

Kwa mtihani wa darasani, ngazi sita ni nyingi mno. Alama 40 zikitawanywa katika mada tano na ngazi sita, visanduku vinakuwa 30, na vingi vitabaki na alama moja au bila chochote. Walimu wenye uzoefu huzikunja ngazi hizo kuwa tatu: kukumbuka, kuelewa na kutumia, kuchanganua na kuunda. Tatu zinatosha, na mwalimu hapotezi jioni nzima akibishana na nafsi yake iwapo swali fulani ni la kuelewa au la kutumia.

Mwalimu na rekodi yake

Chukua mfano wa mwalimu wa Kiswahili wa Kidato cha Tatu anayetaka kuandaa mtihani wa mwisho wa muhula katika sehemu ya matumizi ya lugha. Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, sehemu hiyo huwa na alama 40 kati ya 80, kwa hivyo naye ameamua kutumia alama hizo hizo. Karatasi nzima ya taifa hufanywa kwa saa mbili na nusu, yaani takriban dakika mbili kwa kila alama. Kwa kipimo hicho, alama 40 zinahitaji dakika 75, na vipindi viwili vya dakika 40 vinamtosha.

Kazi yake ya kwanza ni kuhesabu vipindi, wala si kutafuta maswali. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Walimu wengi huchukua hesabu kutoka kwenye azimio la kazi, yaani kile walichokusudia kufundisha muhula ulipoanza. Lakini azimio halijui kwamba wiki ya nne ilikwenda na michezo, au kwamba Ijumaa mbili wanafunzi walirudishwa nyumbani kuleta karo. Hesabu ya kuaminika imo katika rekodi ya kazi, ambayo hujazwa baada ya kipindi kufundishwa.

Rekodi ya mwalimu huyu inaonyesha vipindi 20 vya sarufi. Ngeli na upatanisho wa kisarufi vilichukua sita, mnyambuliko wa vitenzi vitano, uchanganuzi wa sentensi vitano, sauti na silabi viwili, na uakifishaji viwili.

Kanuni ya kugawa alama ni rahisi: vipindi vya mada vigawanywe kwa jumla ya vipindi, kisha vizidishwe kwa jumla ya alama. Ngeli zilizochukua vipindi 6 kati ya 20 zinastahili 6 ÷ 20 × 40, yaani alama 12. Kwa hesabu hiyo mnyambuliko unapata 10, uchanganuzi wa sentensi 10, sauti na silabi 4, na uakifishaji 4. Jumla ni 40. Si kila mara hesabu hutoka bila baki namna hii. Ikitoka na sehemu, alama hukadiriwa hadi namba kamili iliyo karibu, na ikizidi au ikipungua moja, mada kubwa ndiyo hupunguzwa au kuongezwa, kwa kuwa yenyewe haitaathirika sana.

Muda wa kufundishia si kipimo kamili cha uzito wa mada. Kuna mada inayochukua vipindi vingi kwa sababu tu ni ngumu, na nyingine fupi ambayo mengine yote huitegemea. Mwalimu ana ruhusa ya kuhamisha alama moja au mbili kwa sababu anayoweza kuitaja. Asipoweza kuitaja, aziache zilipo.

Hatua inayofuata ni kuamua mgao wa viwango. Mwalimu wetu anaamua kwamba robo ya mtihani, alama 10, iwe ya kukumbuka. Alama 18 ziwe za kuelewa na kutumia. Na alama 12 ziwe za kuchanganua na kuunda. Hakuna sheria inayoamuru mgao huu. Kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walioanza juzi, sehemu ya kukumbuka ingeweza kuwa kubwa zaidi. Lakini lugha ni stadi, na anayejua jina la ngeli bila kuweza kuitumia katika sentensi bado hajafika.

Sasa visanduku vinajazwa, na jumla za pande zote mbili lazima zikubaliane:

Ngeli na upatanisho: kukumbuka 3, kutumia 6, kuchanganua 3, jumla 12.
Mnyambuliko wa vitenzi: kukumbuka 2, kutumia 5, kuchanganua 3, jumla 10.
Uchanganuzi wa sentensi: kukumbuka 2, kutumia 3, kuchanganua 5, jumla 10.
Sauti na silabi: kukumbuka 3, kutumia 1, kuchanganua 0, jumla 4.
Uakifishaji: kukumbuka 0, kutumia 3, kuchanganua 1, jumla 4.
Jumla ya viwango: kukumbuka 10, kutumia 18, kuchanganua 12, jumla kuu 40.

Visanduku viwili vina sufuri, na hilo si dosari. Si lazima kila mada iulizwe katika kila kiwango. Kumtaka mwanafunzi ataje majina ya alama za uakifishaji kuna faida ndogo ikiwa hataweza kuziweka mahali pake.

Kutoka kisanduku hadi swali

Jedwali likiwa tayari, kila kisanduku kinakuwa agizo la swali. Katika ngeli, alama tatu za kukumbuka zinaagiza jambo kama hili: "Taja ngeli za nomino zifuatazo: ukuta, maji, kiatu." Majibu ni U-ZI, YA-YA na KI-VI, kila moja kwa alama moja.

Alama sita za kutumia zinaagiza sentensi za kubadilishwa ziwe katika wingi. "Ukuta huu mrefu umebomoka" inakuwa "Kuta hizi ndefu zimebomoka," na kwa kuwa maneno manne yamebadilika, alama ni nne. "Gari limeharibika" inakuwa "Magari yameharibika," alama mbili. Kisanduku kimejaa.

Alama tatu za kuchanganua zinahitaji swali la namna nyingine. Mwanafunzi anapewa sentensi yenye kosa, "Maziwa haya imemwagika," na kutakiwa alionyeshe kosa, aeleze sababu yake na kuisahihisha sentensi. Alama moja ni ya kutambua kwamba kiambishi cha ngeli katika kitenzi hakilingani na nomino, ya pili ni ya kueleza kwamba maziwa yamo katika ngeli ya YA-YA, na ya tatu ni ya sentensi sahihi: "Maziwa haya yamemwagika." Mambo matatu, alama tatu. Mwongozo wa kusahihisha umezaliwa pamoja na swali.

Alipofika kwenye uakifishaji mwalimu alikwama. Kisanduku cha kuchanganua kilikuwa na alama moja. Alitaka wanafunzi waeleze tofauti ya maana kati ya "Baba, Juma amefika" na "Baba Juma amefika." Katika ya kwanza baba anaambiwa kwamba Juma amewasili, na katika ya pili aliyewasili ni babake Juma. Hayo ni maelezo mawili, na alama moja haiwezi kuyabeba kwa haki. Mwanafunzi aliyeeleza nusu apewe nini?

Kuongeza alama tu na kuendelea kungeuvuruga mtihani mzima, kwa maana karatasi ingekuwa ya alama 41. Alichofanya ni kuhamisha alama ndani ya mstari na kulipia ndani ya mstari mwingine. Katika uakifishaji, kutumia kulishuka kutoka 3 hadi 2 na kuchanganua kukapanda kutoka 1 hadi 2. Katika mnyambuliko akafanya kinyume: kutumia kukapanda hadi 6, kuchanganua kukashuka hadi 2. Jumla za mada hazikubadilika, jumla za viwango zikabaki 10, 18 na 12.

Mnyambuliko haukuumia. Swali la kutumia likawa na vitenzi sita vya kunyambua, vikiwemo vile vya silabi moja vinavyowasumbua wengi: "la" katika kauli ya kutendwa, "fa" katika kauli ya kutendea. Swali la kuchanganua likaomba tofauti ya maana kati ya "Mama alimpikia mtoto" na "Mama alimpikisha mtoto," alama moja kwa kila maelezo.

Swali linaloshuka ngazi bila kuonekana

Katika uchanganuzi wa sentensi kuna mtego ambao jedwali lenyewe haliwezi kuuona. Mwalimu aliandika swali la alama tano: "Changanua sentensi ifuatayo kwa njia ya matawi: Mwalimu aliyefika jana ametuandalia mtihani." Kwa sura yake, hili ni swali la kiwango cha juu. Kitenzi cha kuamrisha ni "changanua," na sentensi ina kishazi tegemezi ndani ya kirai nomino.

Lakini ikiwa sentensi hiyo hiyo iliandikwa ubaoni wiki tatu zilizopita na matawi yake yakanakiliwa madaftarini, swali limeshuka hadi kukumbuka. Mwanafunzi hachanganui chochote. Anachora mchoro aliokariri. Alama tano zinahama kimyakimya kutoka safu ya tatu hadi safu ya kwanza, na karatasi ambayo kwenye jedwali ina alama 10 za kukumbuka inakuwa na 15.

Kiwango cha swali, kwa hivyo, hakikai katika kitenzi peke yake. Orodha za vitenzi zinazogawiwa walimu katika warsha, zikisema kwamba "taja" ni cha chini na "eleza" ni cha juu, zinafaa kwa kuanzia tu. "Eleza dhima mbili za kiimbo" ni swali la kukumbuka ikiwa dhima hizo zilisomwa kutoka kwenye orodha kitabuni. Kipimo cha kweli ni kujiuliza: mwanafunzi aliyehudhuria vipindi vyote ameshaliona jibu hili likiwa kamili? Akiwa ameliona, anakumbuka. Akiwa ameona mfano wake tu na sasa anapewa mwingine, anatumia. Akilazimika kuvunja jambo jipya vipande au kueleza kwa nini limekosewa, anachanganua.

Kwa sababu hiyo mtu wa nje hawezi kulijaza jedwali kwa niaba ya mwalimu wa darasa. Mwenzake katika idara anaweza kuhakiki hesabu na ugumu wa lugha, lakini yaliyoandikwa ubaoni yanajulikana na aliyeshika chaki.

Kuipima karatasi iliyonunuliwa

Shule nyingi hununua mitihani iliyokwisha kuandaliwa. Jedwali linafaa hata hapo, kwa kufanya kazi kinyumenyume. Mwalimu anachukua karatasi tupu, anachora mistari ile ile mitano na safu tatu, kisha anasoma swali moja baada ya jingine na kuweka alama zake katika kisanduku kinachostahili. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Tuseme karatasi ya alama 40 aliyoletewa mwalimu wetu imetoa matokeo haya: ngeli 19, mnyambuliko 6, uchanganuzi wa sentensi 3, sauti na silabi 9, uakifishaji 3. Kwa viwango: kukumbuka 27, kutumia 10, kuchanganua 3.

Uchanganuzi wa sentensi, uliomla robo ya vipindi vyake vya muhula, umepewa alama 3 badala ya 10. Mwanafunzi ambaye hakuelewa hata sentensi moja ya mada hiyo anaweza kupata 37. Sauti na silabi, zilizofundishwa kwa vipindi viwili, zimepewa 9. Na kwa kuwa 27 ni za kukumbuka, yule mkariri anaondoka na asilimia yake 67.5. Katika karatasi ya mwalimu mwenyewe, kukariri pekee kungempa alama 10, sawa na asilimia 25, na angehitaji kuonyesha kazi ili apate zaidi.

Mwalimu halazimiki kuitupa karatasi hiyo. Anaweza kuondoa maswali sita au saba ya kutaja na kuweka badala yake maswali ya kuchanganua sentensi. Anachopaswa kuepuka ni kutoa karatasi kama ilivyo, kisha kulinganisha alama zake na za muhula uliotangulia na kutangaza kwamba darasa limepanda. Karatasi mbili zenye majedwali tofauti hazipimi kitu kimoja.

Baada ya kusahihisha

Jedwali halimaliziki mtihani unapofanywa. Tuseme darasa la wanafunzi 45 limesahihishwa na mwalimu amepata wastani wa 9 kati ya 12 katika ngeli, 7 kati ya 10 katika mnyambuliko, na 3 kati ya 10 katika uchanganuzi wa sentensi. Wastani wa jumla ungeonekana wa kuridhisha, na bila kutenganisha mada tatizo lingefichika ndani yake.

Kabla ya kufundisha mada upya, anatazama safu. Ikiwa alama za uchanganuzi wa sentensi zilipotea katika kisanduku cha kukumbuka, pale walipotakiwa kufafanua kirai na kishazi, basi msingi wenyewe haupo na lazima aanze mwanzo. Ikiwa hapo walipata na wakaanguka kwenye matawi, dhana wanazo, na wanachokosa ni mazoezi ya sentensi ngeni. Na ikiwa nafasi za majibu ziliachwa tupu na swali lilikuwa la mwisho, huenda ni muda uliowaishia. Matawi huchukua muda mrefu kuliko kipimo cha dakika mbili kwa alama, na swali hilo lingepaswa kuwekwa katikati ya karatasi.

Tahadhari moja ni kwamba kisanduku kidogo kinasema machache. Alama mbili za uakifishaji haziwezi kuthibitisha kwamba mwanafunzi fulani hajui uakifishaji. Huenda alisoma sentensi vibaya, au alikuwa na homa. Mstari wa alama 10 kwa darasa zima unaaminika. Kisanduku cha alama mbili kwa mtoto mmoja ni dokezo tu, la kufuatiliwa kwa kumuita na kumpa sentensi nyingine mbili.

Vilevile kuna mambo ambayo jedwali haliyaoni kabisa. Halijui kama swali limeandikwa kwa lugha yenye utata, wala kama lina majibu mawili sahihi ambayo mwongozo umetambua moja tu. Halipimi kuzungumza wala kusikiliza. Mwalimu wa mtaala wa umilisi, ambaye mistari yake huwa ni mada ndogo na matokeo yanayotarajiwa, atakuta kwamba baadhi ya matokeo hayo hayaingii katika karatasi ya kuandika hata kidogo. Hayo huyaacha wazi kwenye jedwali, akiandika pembeni kwamba yatapimwa kwa njia nyingine, ili asije akadhani yameshapimwa.

Mwalimu wa mfano huu alilibandika jedwali lake ndani ya jalada la rekodi ya kazi, pamoja na nakala ya karatasi yenyewe. Muhula ujao vipindi vya uchanganuzi wa sentensi vitaongezeka kwa vile vya marudio, hesabu zitabadilika, na atachora jipya.